Mtu Akikuuzia Tiketi, Usihesabu Kuanzia Bei ya Geti

Kuna sentensi moja ambayo kila broka wa tiketi hapa Nairobi anaijua kwa moyo: "Geti itakuwa elfu nne, mimi nakupea na elfu tatu mia sita." Ukiisoma haraka ukiwa kwa mat, unajiona mjanja. Umeokoa mia nne. Unaanza kutafuta M-Pesa kabla mtu mwingine hajaichukua.

Sasa tulia kidogo. Hiyo mia nne umeihesabu kutoka wapi? Umeihesabu kutoka kwa namba ambayo yeye ndiye amekuchagulia. Hajakuambia yeye alinunua ngapi, wala hajakuambia leo, saa hii, tiketi hiyo hiyo inauzwa ngapi kwa mwenye shoo. Amechukua namba ya juu kabisa kwenye posta, akaiweka mbele yako, halafu akapunguza kidogo ili ushukuru.

Mimi sina shida na mtu kuuza tiketi yake. Watu huugua, mabosi hubadilisha shifti, wapenzi huachana siku mbili kabla ya shoo. Tiketi inafaa ipate mwenyewe mwingine. Shida yangu ni kwamba wengi wetu tunabishana bei bila kujua tunabishana kuhusu nini. Tunaangalia kama bei "ni poa" au "imepanda", na hatuna kitu cha kuipimia. Kwa hivyo leo nataka tupige hesabu pamoja. Si ngumu. Ni namba mbili tu, halafu moja ya kupunguza.

Bei gani hasa ndiyo bei ya tiketi?

Nchi zingine swali hili ni rahisi. Tiketi imeandikwa bei moja, na hiyo ndiyo hiyo. Ayalandi mwaka wa 2021 ilipitisha sheria ya kuzuia watu kuuza tiketi juu ya bei iliyoandikwa, kwa shoo na mechi za kumbi zinazobeba watu 1,000 na zaidi. Ukiwa na tiketi imeandikwa yuro 50, ukiuza 80 umevunja sheria. Mstari unaonekana.

Jaribu kuchora mstari huo Nairobi. Shoo nyingi hapa zina bei tatu au nne za kuingia mahali pale pale, kusimama kwenye nyasi zile zile, kuangalia msanii yule yule. Kuna ile ya mapema imeandikwa Early Bird. Zikiisha au tarehe ikipita inakuja Advance. Halafu Gate, ya wale wanaokuja siku yenyewe. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kuwa mara mbili. Na hapo bado hujaingia kwa VIP na zile tiketi za kikundi, ambapo watu watano wanalipia wanne.

Kwa hivyo mtu akikuambia "nauza kwa bei yake", muulize: bei yake ipi? Alinunua Early Bird kwa elfu mbili, na sasa anakuuzia kwa elfu nne akisema ndiyo bei ya geti. Kitaalamu hajadanganya. Geti kweli ni elfu nne. Lakini tiketi iliyo mkononi mwake haijawahi kuwa ya elfu nne hata siku moja.

Hapa ndipo nimeona watu wengi wanachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni: je, huyu ananitendea haki? Jibu lake liko kwa kile yeye alilipa. Swali la pili ni: je, hii bei inanifaa mimi? Jibu lake haliko kwa kile yeye alilipa hata kidogo. Liko kwa njia nyingine uliyo nayo ya kuingia, leo. Kama njia hiyo nyingine ni elfu tatu, basi hata kama yeye alilipa elfu tano kwa ujinga wake, tiketi yake kwako haizidi elfu tatu.

Hizo ndizo namba mbili. Ya chini ni aliyolipa yeye, pamoja na ada ndogo ambayo tovuti nyingi huongeza juu. Ya juu ni njia yako nyingine leo. Bei ya haki iko katikati ya hizo mbili. Ikipita ya juu, unalipa zaidi ya lazima. Ikishuka chini sana ya ile ya chini, pia jiulize kwa nini, na hapo nitarudi.

Hesabu ya binamu yangu

Wacha nikupe mfano wenyewe, bila jina la shoo kwa sababu hapa mwenye shoo hana kosa lolote.

Binamu yangu anaishi Kangemi na anafanya kibarua kwa duka la nguo pale Westi. Siku anafanya kazi analipwa mia saba. Shoo ilikuwa Jumamosi, Ngong Racecourse. Alhamisi jioni akaona statasi ya mtu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, tiketi moja, na ile sentensi yetu: geti elfu nne, yangu elfu tatu mia sita. Akanitumia na ujumbe: "Nichukue ama?"

Elfu tatu mia sita kwake ni kazi ya siku tano na kitu. Siwezi kumwambia tu "chukua" kwa sababu msanii ni moto.

Kitu cha kwanza tulifanya ni kufungua ukurasa wa mwenye shoo, si ule wa muuzaji. Kulikuwa na mistari mitatu. Early Bird 2,000, imefungwa. Advance 3,000, bado inauzwa hadi Ijumaa usiku wa manane. Gate 4,000. Ukibonyeza Advance hadi mwisho kabla ya kulipa, kulikuwa na ada ya mia moja. Hiyo hatua ya kubonyeza hadi mwisho usiiruke, kwa sababu bei ya kwenye posta si lazima iwe bei utakayolipa.

Kwa hivyo namba yake ya juu ilikuwa 3,100. Si 4,000. Alhamisi hiyo hakuna mtu alikuwa analazimishwa kwenda getini. Yule msee alikuwa anamuuzia kwa mia tano zaidi ya duka lililokuwa wazi, na kumwambia anamwokolea mia nne.

Kitu cha pili, namba ya chini. Binamu akamwomba picha ya tiketi, akiwa amefunika ule msimbo wa QR kwa kidole. Aina ya tiketi huwa imeandikwa pale juu, na kwa hii iliandikwa Early Bird. Yaani alilipa elfu mbili na ada yake, 2,100 hivi.

Sasa tuna uwanja wa kucheza: chini 2,100, juu 3,100. Katikati ni 2,600. Hapo muuzaji anapata faida ya mia tano kwa kukaa na tiketi tu, na binamu anaokoa mia tano kwa kukubali kununua kwa mtu badala ya duka. Hiyo mimi naiona ni haki. Akampigia, akamwambia vizuri tu: "Braza, Advance bado iko na 3,100, na yako ni Early Bird. Nikupe 2,600?"

Akakataa. Akashuka hadi elfu tatu, "bei ya mwisho, kwa sababu ni wewe."

Sasa hapa ndipo wengi wangekubali. Elfu tatu ni chini ya 3,100, si ndiyo? Umeokoa soo moja. Lakini kuna ile namba ya kupunguza, na bila hiyo hesabu yote ni bure.

Tiketi ya mtu si sawa na tiketi ya duka

Tiketi ya duka na tiketi ya mtu usiyemjua si kitu kimoja, hata kama zimeandikwa maneno yale yale. Ile ya duka ikikataa getini una mtu wa kumlalamikia, una risiti, na jina lako liko kwa orodha. Ile ya mtu ikikataa, una namba ya simu ambayo imezimwa.

Na inaweza kukataa bila hata kuwa feki. Huo msimbo wa QR ni picha. Picha inaweza kutumwa kwa watu watano. Mashine ya getini haijui nani alilipa, inajua tu kama msimbo huu umeshaingia au bado. Wa kwanza kufika anavaa kitambaa cha mkono na kuingia. Wa pili, hata kama ndiye aliyelipa pesa nyingi zaidi, anaambiwa tiketi imeshatumika. Kwa hivyo tiketi inaweza kuwa halali kabisa, na wewe ukabaki nje.

Unaiwekaje hatari hiyo kwa bei? Fanya hivi. Jiulize, kama ningenunua tiketi kumi za aina hii, kwa watu wa aina hii, kwa njia hii, ngapi zingekataa? Hakuna mtu ana takwimu, ni makisio yako. Tuseme umekisia moja kati ya kumi. Basi unalipia kumi lakini unaingia mara tisa. Hela ya ile moja iliyokataa lazima ibebwe na zile tisa. Kwa kikokotoo cha simu, gawa bei kwa 0.9.

Elfu tatu ya yule msee, gawa kwa 0.9, ni kama 3,330. Hiyo ndiyo bei yake halisi ukiweka hatari ndani. Duka ni 3,100 na hakuna wasiwasi. Ile soo aliyokuwa "anaokoa" ilikuwa inamgharimu zaidi ya mia mbili.

Ile 2,600 tuliyomwambia? Gawa kwa 0.9, unapata karibu 2,890. Bado iko chini ya 3,100. Ndiyo maana hiyo ilikuwa ofa ya maana na elfu tatu haikuwa.

Na sasa angalia kitu kitamu. Chukua ile bei yake ya kwanza, 3,600, na usubiri hadi Jumamosi asubuhi wakati Advance imefungwa na njia yako pekee ni geti ya 4,000. Sasa ile sentensi yake imekuwa kweli, unaokoa mia nne. Lakini 3,600 gawa kwa 0.9 ni 4,000 kamili. Yaani hata siku hiyo, kwa hatari ya moja kati ya kumi, huokoi kitu. Uko sawa tu na yule atakayepanga laini getini, ila wewe umebeba wasiwasi njia nzima kutoka Kangemi.

Binamu alinunua Advance kwa duka. Jumamosi saa kumi jioni yule msee alikuwa bado na tiketi yake, na kwa statasi ilikuwa imefika 1,500.

Jinsi ya kushusha hatari ili bei iwe na maana

Usinielewe vibaya, sisemi ununue kwa duka kila wakati. Nasema hatari ni sehemu ya bei, na habari njema ni kwamba hatari unaweza kuishusha. Kila hatua muuzaji anayokubali inafanya tiketi yake iwe na thamani zaidi kwako, na hapo hata wewe ongeza pesa bila kinyongo.

Njia bora ni kama tovuti inaruhusu tiketi ihamishwe kwa jina lako. Akihamisha, msimbo wa zamani unakufa na mpya unakuja kwa simu yako. Hapo hatari inakaribia sifuri na tiketi yake ni karibu sawa na ya duka. Kama tovuti haina hiyo huduma, njia ya pili ni mkutane getini, mpange laini pamoja, msimbo uchanganuliwe, uvae kitambaa, ndiyo utume pesa. Wauzaji wengi watakataa kwa sababu na wao wanaogopa uingie na kutokomea kwa umati. Ni haki yao. Basi gawanyeni: nusu mkikutana, nusu mashine ikisema sawa.

Kama anataka pesa yote kabla, angalia majina. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujakubali kutuma. Je, linafanana na jina lililo kwenye tiketi? Kama tiketi ina jina moja, namba ina jina lingine, na akaunti ya Instagram ina jina la tatu, makisio yako si moja kati ya kumi tena. Huyo mimi ningemweka nusu kwa nusu. Gawa bei yake kwa 0.5 uone kama bado unaitaka.

Usitegemee ujumbe wa M-Pesa aliokutumia kama ushahidi wa alicholipa. Ujumbe ni maandishi, mtu anaweza kubadilisha namba kabla ya kukutumia. Mkutane mahali pa watu, iwe pale Archives mjini au nje ya Junction kama nyote mko upande huu wa Ngong Road, akufungulie imeli ya tiketi mbele yako, uone tarehe, kiasi na idadi ya tiketi. Idadi ni muhimu. Kama alinunua tiketi ya kikundi, watu watano kwa bei ya wanne, basi gawa jumla kwa tano, si kwa nne. Na uulize kama kila mtu ana msimbo wake. Zingine zina msimbo mmoja kwa kikundi chote, na hapo lazima muingie pamoja. Tiketi ambayo inakutaka umsubiri mtu usiyemjua hadi saa tatu usiku nayo ina bei yake, na ni ya chini.

Na ile bei ya chini kupita kiasi? Mtu anakuuzia tiketi ya 3,000 kwa 1,000 siku tano kabla ya shoo, na duka bado linauza. Jiulize kwa nini haongezi. Hata mtu aliyeachwa na mpenzi anajua angepata 2,000 kwa urahisi. Bei ya chini sana Jumamosi jioni ni kawaida, kwa sababu muda umemwishia. Bei ya chini sana Jumatatu ni harufu.

Saa inafanya kazi, lakini kwa nani?

Hii ya muda inafaa tuikalie, na hakuna mahali ilionekana wazi kama mechi za CHAN mwaka wa 2025 pale Kasarani.

Mkumbuke vile ilikuwa. Harambee Stars wakaanza kwa kuifunga Kongo 1-0 tarehe 3 Agosti, wakatoka sare na Angola, halafu tarehe 10 wakaifunga Moroko. Mji mzima ukawa mashabiki. Watu wa Kawangware na Uthiru ambao hawajawahi kuvuka mjini kwenda Thika Road kwa sababu ya mpira wakaanza kutafuta tiketi. Bei rasmi za viti vya kawaida zilikuwa za mamia, si za maelfu, ili mwananchi aingie. Bei rasmi ikiwa chini na watu wakiwa wengi, walanguzi wanapata nafasi.

Kisha CAF, baada ya vurugu za getini na watu kuingia bila tiketi, ikakaza. Kwa mechi ya Zambia ya tarehe 17 Agosti, watu walioruhusiwa Kasarani walikuwa 27,000 tu, na wanaoingia ni wenye tiketi za kielektroniki peke yake. Zile za karatasi zinazotoka kwa mashine kama risiti ya supamaketi hazikuruhusiwa.

Fikiria hiyo ilifanya nini kwa bei. Kwanza, viti vilipungua, kwa hivyo tiketi ya kwa simu ikawa adimu zaidi kuliko bei yake iliyoandikwa. Pili, tiketi ya karatasi kwa mechi hiyo ikawa karatasi tu. Bei iliyoandikwa juu yake haikubadilika hata shilingi, lakini thamani yake ikaenda sifuri. Mtu aliyekuuzia hiyo "kwa bei yake halisi, sina faida hata moja" alikuwa amekuuzia hewa. Kwa hivyo kabla ya kulinganisha bei na bei rasmi, soma masharti ya kuingia ya wiki hiyo.

Kenya ikashinda tena, 1-0, na robo fainali ikawa hapo hapo Kasarani dhidi ya Madagaska, tarehe 22 Agosti. Sare ya 1-1, penalti, tukatolewa 4-3. Mimi sitaki kuongea sana kuhusu hiyo jioni.

Lakini ongea nami kuhusu tiketi ya fainali. Fainali ilikuwa Kasarani, tarehe 30 Agosti. Kabla ya penalti zile, tiketi ya fainali mkononi mwa mlanguzi ilikuwa ni ndoto ya kuona Kenya ikibeba kombe nyumbani. Baada ya penalti, karatasi ile ile ilikuwa ya kuona Moroko na Madagaska. Ikawa mechi kali, Moroko wakashinda 3-2, lakini wale waliokuwa tayari kulipa mara tatu kwa sababu ya jezi nyekundu ya kwetu hawakuwepo tena sokoni.

Somo ni hili. Ukinunua tiketi ya hatua ya mbele kabla hujajua nani atacheza, unanunua vitu viwili: kiti, na kamari kwamba timu yako itafika. Bei rasmi inalipia kiti. Kile mlanguzi anaongeza juu ni bei ya kamari. Kama nafasi ya timu yako kufika unaiona ni nusu kwa nusu, basi lile ongezeko lipunguze kwa nusu kabla ya kukubali. Na AFCON ya 2027 imepangwa kuja kwetu, Uganda na Tanzania, kwa hivyo hii hesabu utaihitaji tena.

Kwa shoo za muziki, muda huwa upande wa mnunuzi kama viti bado vipo. Tiketi ya mlanguzi inakufa msanii akishuka jukwaani, na yeye anajua. Kila saa inayopita inampunguzia nguvu. Lakini kama ukurasa wa mwenye shoo umeandika Sold Out, na umethibitisha wewe mwenyewe kwa ukurasa wao na si kwa kuambiwa na muuzaji, muda unaweza kumgeukia yeyote. Hapo huna njia nyingine, kwa hivyo namba yako ya juu haiko dukani tena. Iko kichwani mwako: ni kiasi gani ukikilipa, Jumatatu ukiamka hutajuta? Iandike mahali kabla hujampigia mtu simu. Ukishaanza kuongea naye, atakuandikia yeye.

Maoni yangu kuhusu faida

Wengine watasema mimi nawatetea mabroka. Wengine watasema soko ni soko, kama unataka lipa. Mimi niko hapa: msee aliyenunua tiketi moja akashindwa kwenda, akiongeza mia tatu au mia tano juu ya alicholipa, na bado yuko chini ya duka, sioni kosa. Alitoa pesa mapema, mwenye shoo akaitumia, yeye akabeba hatari ya shoo kusongeshwa. Hiyo inalipwa.

Lakini mtu anayenunua tiketi ishirini za mechi ambayo bei iliwekwa chini ili mtu wa Mathare aingie na familia, halafu anaziuza mara tatu nje ya geti, huyo hajaongeza kitu chochote. Hakujenga kiti, hakuleta mchezaji. Amechukua punguzo lililokusudiwa wengine na kulitia mfukoni. Hata kama hesabu yangu inasema bei yake "inakufaa" kwa sababu huna njia nyingine, swali la kwanza, lile la haki, jibu lake bado ni hapana. Na ukiwa na mahali pengine pa kuangalia mechi, mwache abaki nazo hadi kipenga. Tiketi ishirini zilizokufa mkononi ndizo zitamfundisha anunue mbili wakati ujao.

Kwa hivyo ujumbe ukiingia kwa simu yako leo, wenye geti elfu nne na moyo mkubwa wa kukuokolea, fungua ukurasa wa mwenye shoo kwanza. Jua yeye alilipa ngapi, jua wewe leo ungelipa ngapi, toa hatari, halafu mrudie na namba yako. Akikasirika ameona umeshajua.